Fomu ya makabidhiano na dozi ya saa 2 usiku

"Kaka, hizo hatua nane ni za makampuni ya Marekani. Sisi wodini usiku tuko wawili. Kwa nini Mganga Mfawidhi asitoe waraka, fomu ya makabidhiano ichapwe, tuanze Jumatatu?" (Muuguzi wa wodi ya wazazi, Mtwara)

Dada yangu anajibu ushauri wangu kwamba makabidhiano ya zamu yabadilishwe kwa kufuata hatua nane za John Kotter za kuleta mabadiliko kazini. Nianze na yale ambayo yuko sahihi. Kotter, mwalimu wa uongozi wa Harvard, alipoandika makala yake ya mwaka 1995 alikuwa anaeleza alichokiona katika makampuni zaidi ya mia moja, wala hakuwa amefanya jaribio la kulinganisha. Hakuna aliyethibitisha kwamba wodi ikiruka hatua ya tatu lazima ianguke. Kotter mwenyewe anasema mabadiliko makubwa huchukua miaka, na kwetu Mganga Mfawidhi anaweza kuhamishwa kabla ya hatua ya tano. Waraka una nguvu ambazo mpango wa hatua hauna: unafika wodi zote siku moja, una sahihi ya mkubwa, na mkaguzi akija kuna kitu cha kumwonyesha. Kama jambo lenyewe ni kuhamisha rejesta kutoka meza hii kwenda ile, waraka unatosha.

Makabidhiano ya zamu ni jambo la namna nyingine. Yanafanyika mara tatu kwa siku kati ya watu wawili, na yale ya hatari zaidi ni ya usiku, wakati matroni ameshaondoka. Chukua mfano huu. Mama mwenye mimba ya wiki 36 amepata kifafa cha mimba. Kituo cha afya cha Nanyamba kimempa dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, saa 10 jioni: gramu 4 mshipani taratibu, kisha gramu 10 kwenye misuli, tano kila tako. Gari la wagonjwa linamfikisha Mtwara mjini saa 12 jioni. Dozi zinazofuata ni gramu 5 kila baada ya saa 4, kwa hiyo ya kwanza kati ya hizo inaangukia saa 2 usiku, yaani dakika ile ile zamu inapobadilika.

Muuguzi wa jioni anasema: "Kitanda namba 6, kifafa cha mimba, magnesiamu keshapata, presha inashuka, mkojo unatoka." Kila neno ni kweli. Lakini muuguzi wa usiku anaweza kuelewa kwamba dozi ya saa 2 imeshatolewa, akaandika ijayo ni saa 6 usiku. Mama huyo atakaa saa 8 bila kinga ambayo ilipaswa kurudiwa baada ya 4. Au kinyume chake: wa jioni anatoa dozi akiwa anavua koti, hajaiandika, na wa usiku akaitoa tena dakika ishirini baadaye. Hapo mama amepokea gramu 10 badala ya 5, na magnesiamu ikizidi mwilini huanza kwa kuua mwitikio wa goti, kisha hupunguza pumzi. Ndiyo maana kabla ya kila dozi mambo matatu hupimwa: apumue mara 16 au zaidi kwa dakika, goti likigongwa mguu uitikie, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. "Mkojo unatoka" haimwambii anayepokea hata moja kati ya hayo, na haimkumbushi kuwa na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga magnesiamu ikizidi, karibu.

Je, fomu ingezuia hili? Wanaotaka fomu huwa wananukuu utafiti wa mwaka 2014 uliofanyika katika hospitali 9 za Marekani na Kanada kwa madaktari wa watoto, kuhusu utaratibu uitwao I-PASS. Una vipengele vitano, kila kimoja na herufi yake: uzito wa ugonjwa, muhtasari wa mgonjwa, kazi zilizobaki, nini kifanyike hali ikibadilika, na mwisho anayepokea arudie kwa maneno yake alichosikia. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara yanayozuilika kwa wagonjwa yakapungua kwa asilimia 30. Hiyo 30 ndiyo inayosafiri kwenye mawasilisho ya semina.

Kinachoachwa nyuma ni jinsi walivyoipata. Hawakugawa karatasi. Walikuwa na warsha, mafunzo kwa madaktari wakubwa ili waweze kuwasimamia wadogo, watu wa kukaa pembeni na kutazama makabidhiano yakifanyika kisha kumrudishia mhusika maoni, na kampeni ya kuuweka utaratibu huo machoni pa watu ili usififie. Tena pamoja na hayo yote, ni hospitali 6 tu kati ya 9 zilizoonyesha upungufu wa makosa ulio dhahiri kitakwimu. Mimi narudi kwenye hiyo 6 kati ya 9 kila mara mtu anapotaja asilimia 30. Herufi zilikuwa zile zile kote. Kama hospitali zenye wasimamizi, walimu na watazamaji, tatu kati yake hazikufikia hapo, sisi tunaochukua herufi tano tu na kuzichapa tunanukuu matokeo ya dawa ambayo hatujaimeza.

Kipengele cha tano ndicho kingemwokoa mama wa kitanda namba 6. Muuguzi wa usiku angesema: "Kwa hiyo dozi ya saa 2 bado, natoa mimi, nikikuta anapumua chini ya 16 siitoi, namwita daktari." Hapo kosa linaonekana likiwa bado mdomoni. Na hicho ndicho kipengele ambacho fomu haiwezi kukilazimisha, kwa sababu kisanduku chake kinajazwa hata kama hakuna aliyefungua kinywa. Ukitaka kujua kama wodi imefika hapo, angalia fomu za wiki moja: zikiwa zimejazwa zote kwa kalamu moja, kwa mwandiko mmoja, tiki zimenyooka kama zimepigwa rula, basi zilijazwa mwisho wa zamu.

Sasa hatua za Kotter zinaingia hapa, na ya kwanza ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Kujenga hisia ya uharaka wengi wanaichukua kuwa ni kutia watu hofu. Kikao cha kujadili kifo cha uzazi kinageuka mahakama, na muuguzi anatoka hapo amejifunza kuandika kwa kujilinda, si kwa kumwarifu mwenzake. Alichosema Kotter ni kingine: uharaka unatosha pale ambapo kama robo tatu ya viongozi wanaamini kwa dhati kwamba kuendelea kama kawaida haikubaliki. Alisema pia kwamba zaidi ya nusu ya aliowaona walianguka katika hatua hii ya mwanzo. Wodini viongozi hao ni matroni, mainchaji, na madaktari wanaoongoza raundi. Hawashawishiki kwa hotuba, wanashawishika kwa chati zao wenyewe. Chukua majalada ya wiki mbili, orodhesha kila dozi iliyopaswa kutolewa ndani ya saa moja kabla au baada ya kubadilisha zamu, hesabu ngapi zina muda na sahihi. Usiandike jina la mtu. Weka hesabu hiyo mezani, na uwaache mainchaji waizungumze wenyewe.

Kundi la kuongoza, ambalo ni hatua ya pili, nalo lisiwe la wakubwa peke yao. Awemo daktari mmoja ambaye wenzake humsikiliza, na awemo muuguzi anayefanya zamu za usiku mara nyingi, kwa sababu yeye ndiye anayejua kwa nini watu huondoka bila kukabidhi.

Na sababu hizo ndizo hatua ya tano, ya kuondoa vikwazo. Muuguzi anayeishi Mikindani akitoka saa 2 na nusu usiku anatafuta usafiri barabara ikiwa imetulia. Kumlaumu kwa kukabidhi akiwa amesimama mlangoni hakumsaidii yeye wala mgonjwa. Rosta ikisema mmoja anatoka saa 2 na mwingine anaingia saa 2, hospitali yenyewe imeandika kwamba makabidhiano hayana muda. Kikwazo hicho hakiondolewi na wodi, kinaondolewa na uongozi: wa usiku aripoti saa 1 na dakika 40, na dakika hizo 20 zihesabiwe kuwa kazi.

Hapo ndipo lile la "tuko wawili" linapojibiwa kwa hesabu. Katika utafiti ule makabidhiano yalichukua takribani dakika mbili na nusu kwa mgonjwa, na utaratibu mpya haukuyarefusha. Wodi yenye wagonjwa 30 kwa kipimo hicho inahitaji dakika 75. Haiwezekani, na kiongozi anayedai iwezekane anawafundisha watu kudanganya kwenye fomu. Lakini kipengele cha kwanza, uzito wa ugonjwa, kipo kwa ajili hiyo. Ukiwa na akina mama watano walio hatarini, hao wanakabidhiwa kitandani kwa vipengele vyote vitano kwa kama dakika 13. Waliobaki wanapata sentensi moja moja. Mama wa Nanyamba hawezi kukosa kuwa kati ya hao watano.

Ushindi wa haraka, hatua ya sita, sitaukalia sana: wodi moja, wiki nne, kisha rudia hesabu ile ile ya dozi na uibandike. Nawakubalia wakosoaji kwamba hili linaweza kuanza hata kabla kundi la kuongoza halijakamilika; mpangilio wa Kotter si reli.

Ninapokataa kulegeza ni mwishoni. Kotter aliweka utamaduni kuwa jambo la mwisho kubadilika, na alionya dhidi ya kutangaza ushindi mapema. Wodi zetu zina tatizo ambalo makampuni yale hayakuwa nalo kwa kiwango hiki: madaktari wa mafunzo kwa vitendo wanakaa mwaka mmoja wanaondoka, na wauguzi wanahamishwa kati ya wodi. Tabia ikikaa vichwani mwa watu inaondoka nao. Waliopitia 5S, ule utaratibu wa hatua tano za kupanga mahali pa kazi, wanalijua hili, maana kufika Sanifisha huwa rahisi kuliko kubaki kwenye Shikilia. Kipimo ninachokiamini ni usiku wa Jumapili, inchaji akiwa likizo, anayepokea zamu akiwa mtu aliyeletwa wodini wiki hiyo. Akirudia kwa sauti alichokabidhiwa bila kukumbushwa, kuna aliyemfundisha.

Waraka, basi, ninautaka pia, ila usiwe wa Jumatatu hii. Uje baada ya wodi mbili au tatu kuonyesha hesabu iliyobadilika, mwezi wa nne au wa tano tangu kuanza. Uwe na mambo mawili tu: dakika 20 za makabidhiano ziingie kwenye rosta ya kila wodi, na utajwe wadhifa, si jina, wa atakayerudia ile hesabu ya wiki mbili kila baada ya miezi mitatu, ili Mganga Mfawidhi akihamishwa kazi hiyo ibaki na mwenyewe.