Volkano ya Kitangiri

Kosa lilianzia kwenye bakuli. Nalisema mapema kwa sababu mke wangu, Mama Neema, anashikilia kwamba lilianzia kwangu.

Tunakaa Kitangiri, upande ule ambao nyumba zinapanda kati ya mawe kama mbuzi. Nyuma ya nyumba nina tuta moja la mboga, meta mbili kwa tano. Udongo wake ni luseni, kichanga chepesi kilichomeguka kutoka kwenye mawe hayo hayo. Msimu uliopita sukuma wiki ilidumaa, nami nikiwa ndani ya daladala nikamsikia abiria mmoja akimweleza mwenzake kwamba udongo wa shamba lake una asidi na dawa yake ni majivu. Shamba lenyewe sikujua liko wapi. Niliposhuka nilikuwa tayari mtaalamu.

Nilishasikia pia namna ya kupima kwa vitu vya jikoni. Ukimwagia udongo siki ukachemka, udongo huo una chokaa ya kutosha, hauna asidi. Ukiulowesha maji ukaunyunyizia bekingi soda, ile ya maandazi, ukachemka, basi una asidi kali. Jumamosi asubuhi nikachota udongo vijiko viwili, nikautia kwenye bakuli la plastiki la bluu, nikamwaga siki. Kimya. Nikainamisha sikio kabisa, pua ikaungua kwa ukali wa siki, lakini udongo haukunong'ona hata neno moja.

Basi nikanyunyizia bekingi soda. Kwenye bakuli lile lile. Juu ya siki ile ile.

Jamani, povu! Lilipanda, likamwagika mezani, likalowesha daftari la hesabu la Neema. Nikapiga kelele, "Asidi! Udongo wetu una asidi ya kutisha!" Neema, wa darasa la sita, akaniangalia, akaangalia chupa ya siki, akafungua mdomo. Nikamwambia akalete kitambaa, watu wazima wanafanya kazi.

Jioni hiyo nilikwenda kwa mama anayekaanga samaki kwa kuni huko chini, nikamwomba majivu. Alifurahi mno, alikuwa anatafuta pa kuyatupa. Nikarudi na ndoo tatu kubwa, za lita ishirini ishirini, nikazimwaga zote kwenye tuta. Nilipomaliza nikaona pamekaa vizuri, peupe, kama keki. Halafu, ili nisifanye kazi nusu, nikachanganya na mbolea mbichi ya kuku kiroba kizima na kumwagilia maji.

Baada ya muda si mrefu ikaanza harufu. Si ile harufu ya kawaida ya kuku, hii ilikuwa inapiga machoni kama kitunguu chenye kisasi. Siku hiyo Mama Neema alikuwa na wenzake wa kikundi cha kuweka na kukopa barazani. Mweka hazina alianza kufuta machozi wakati wa kusoma salio, wengine wakadhani kuna hela zimeliwa. Kikao kilivunjika kabla ya chai. Mimi nikatoka na kuwatuliza: "Msijali, hiyo ni dawa inafanya kazi."

Wiki iliyofuata nikahamishia miche ya sukuma wiki na kusia mchicha pembeni. Mchicha haukuota kabisa. Juu ya tuta palikuwa na utando mgumu wa kijivu, ukiulowesha unateleza vidoleni kama sabuni. Miche ikakauka pembeni mwa majani, ile michache iliyopona ikaanza kutoa majani mapya ya njano, lakini mishipa yake imebaki kijani, kama mtu amechora ramani ya mito kwa kalamu. Nikafikiri asidi bado haijaisha. Nikachukua ndoo kwenda kwa mama wa samaki.

Njiani nikakutana na jirani yetu, bwana shamba mstaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ndoo ya nini?"

Nikamweleza yote, kuanzia bakuli. Alinisikiliza kwa utulivu hadi nilipofika kwenye povu. Hapo akakaa juu ya jiwe.

"Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "siki na bekingi soda ukivichanganya vitachemka hata kwenye sufuria tupu. Ulipima siki ya mkeo. Ina asidi, nakubali."

Tukaenda hadi bustanini. Akashika jani, akasema chuma kimo udongoni, ila magadi yakizidi kinajifunga mmea usiweze kukinywa, ndiyo maana njano inaanzia kwenye majani machanga. Ingekuwa upungufu wa naitrojeni, yangeanza majani makuukuu ya chini. Ingawa, akaongeza, na naitrojeni nayo ulishaifukuza: majivu yakikutana na mbolea mbichi ya kuku, inageuka kuwa amonia na kupaa zake. Ndiyo iliyowaliza kina mama.

"Uliweka kiasi gani?"

"Ndoo tatu."

"Tuta hili, hata kama kweli lingekuwa na asidi, lingetosheka na kilo moja hivi kwa mwaka mzima. Hapo una kama kilo thelathini. Tena kwenye kichanga, ambacho hakina nguvu ya kuhimili."

Nikauliza kama naweza kumwaga siki ili irudishe mambo sawa. Akanitazama kama Neema alivyonitazama. Alisema siki ingeunguza mizizi, halafu vijidudu vya udongo vingeimaliza siku chache tu na majivu yangebaki palepale.

Kesho yake akaja na kabichi la zambarau. Tulilikatakata, tukalichemsha kwa maji ya mvua, tukachuja maji yake ya zambarau. Tulichota udongo wa tuta kwenye glasi moja, na wa nje ya tuta, ambao haukuguswa na majivu, kwenye glasi nyingine. Tukachimba kina cha kiganja, si juu juu, na kuuchukua sehemu tatu nne, kisha tukamimina maji ya kabichi, tukakoroga na kusubiri nusu saa utulie.

Glasi ya udongo ambao haukuguswa ilibaki zambarau, ikaelekea waridi kidogo sana. Maana yake asidi ya kawaida ambayo sukuma wiki haiwezi hata kuilalamikia. Udongo wangu haukuwa na tatizo. Ulikuwa na njaa tu, ulitaka mboji. Glasi ya tuta ilikuwa ya kijani, kijani kabisa.

"Na lile bakuli lako," mzee akasema, "hata ungetumia mawili, lingenyamaza kote. Hicho kipimo kinapiga kelele udongo ukiwa umezidi sana upande mmoja au mwingine. Hapa katikati hakijui kitu."

Tukakwangua utando wote na udongo wa juu kina cha vidole vinne, ukaenda kwenye shimo la choo. Kilichobaki nikakimwagilia maji mengi kwa wiki mbili, maana sehemu ya magadi ya majivu huyeyuka na kushuka, ile ya chokaa ndiyo inayong'ang'ania. Kisha mboji iliyooza vizuri, ndoo tano, bila chembe ya majivu. Sukuma wiki ya sasa bado ina unjano kidogo upande wa ukutani, ambako nilimalizia ndoo ya tatu.

Neema alipata kuandika insha shuleni kuhusu jaribio la sayansi alilowahi kuliona. Mwalimu aliipenda, akaisoma mbele ya darasa. Mimi niliitwa "mtu mmoja jirani yetu".