Kimya cha simu si ushahidi kwamba mtu ametoka nyumbani

Katika nyumba za hapa Tanga ambazo zimefungwa mfumo wa kuendesha taa, feni na pampu ya maji kwa kompyuta, lalamiko ninaloletewa mara nyingi kuliko mengine ni kwamba mfumo unaamini nyumba haina mtu ilhali wenyewe wamo ndani. Feni huzimika katikati ya joto la kaskazi, taa za uani hufuata, na aliyekuwa amejilaza chumbani huamka akitokwa na jasho. Wenye nyumba huilaumu simu, na mafundi wengine huilaumu ruta. Mimi naamini kwamba kosa kubwa ni letu sisi tunaoandika kanuni za mifumo hii, kwa sababu tumekubali kuchukua kimya cha simu kuwa ni uthibitisho wa kuondoka kwa mwenye simu.

Nitaeleza kwa kutumia Home Assistant, kwa kuwa ndiyo programu ninayoifahamu vizuri. Njia rahisi kuliko zote ya kujua kama mtu yupo ni kuipa kompyuta anwani ya simu yake katika mtandao wa nyumbani, kisha kuiacha iigongee simu hiyo hodi kwa `ping`. Kwa kawaida hodi hupigwa kila baada ya sekunde 30. Simu ikiitika, mtu huandikwa `home`. Isipoitika, mfumo husubiri kwa muda unaoitwa `consider_home`, ambao usipobadilishwa ni sekunde 180, kisha mtu huandikwa `not_home`. Maana yake ni kwamba dakika tatu za ukimya zinatosha kumtoa mtu nyumbani kwake, hata kama hajainuka kitandani.

Simu za leo zimeundwa zikae kimya. Tangu Android 6.0, iliyotoka mwaka 2015, simu iliyozimwa kioo, isiyo kwenye chaji na isiyosogezwa huingia katika usingizi mzito ambao huzinyima programu mtandao na kuziamsha kwa vipindi tu. Simu za iPhone nazo hubana matumizi ya waifai zinapokuwa zimelala. Redio ya waifai husinzia kati ya ishara moja ya ruta na nyingine, ujumbe unaoingia husubiri kwenye ruta, na mara nyingine simu huamua kutoujibu hata ukifika. Simu nyingi zinazouzwa madukani kwetu huongeza juu ya hayo ubanaji wao wenyewe wa betri, na baadhi hukata waifai kabisa kioo kikizimwa kwa muda mrefu. Kwa hiyo simu inayokaa kimya zaidi ni ile iliyowekwa mezani na mtu aliyetulia nyumbani, na mtu huyo ndiye tunayemhesabu kuwa ametoka.

Niliitwa katika nyumba moja ya Chumbageni ambako mfumo ulikuwa ukizima feni zote kila unapoona hakuna mtu. Kijana mwenye nyumba na mkewe hutoka asubuhi kwenda kazini, na mama yake hubaki. Bi Mkubwa aliniambia, "Mwanangu, feni hii hunizimia kila nikipata lepe la usingizi." Hakuwa akitia chumvi. Nilipofungua kumbukumbu za simu yake nilikuta kwamba kila alasiri, baada ya saa nane, ilikuwa ikiandikwa `not_home` kwa vipindi vya dakika nne hadi tisa, kisha inarudi `home` yenyewe. Hakuna mtu mzima anayetoka nyumbani, akafika mahali, akarejea kwa dakika nne, mara tatu katika alasiri moja. Siku alizokwenda kweli sokoni, ukimya ulikuwa mmoja tu na ulizidi dakika arobaini. Tofauti ya michoro hiyo miwili huonekana kwa macho, na ndiyo dalili ya kwanza ya kutafuta: kutoka kwingi, kufupi, kunakojirudia katika saa za mapumziko.

Hata hivyo macho hayatoshi, kwa kuwa ni lazima tujue tusubiri muda gani. Kipimo ninachokitegemea ni usiku. Kati ya saa sita usiku na saa kumi alfajiri, katika nyumba ambayo hakuna anayefanya kazi ya zamu, wote wamo ndani, na kwa hiyo kila `not_home` iliyoandikwa katika saa hizo ni ya uongo bila shaka yoyote. Chukua kumbukumbu za usiku wa wiki nzima, utafute ukimya mrefu kuliko wote wa kila simu, kisha uweke muda wa kusubiri unaouzidi kwa nafasi. Kwa simu ya Bi Mkubwa ukimya mrefu ulikuwa dakika kumi na tatu, nasi tukaweka `consider_home` kuwa sekunde 1200, yaani dakika ishirini. Wapo wanaopinga kwamba hivyo feni itaendelea kuzunguka dakika ishirini bure watu wakishatoka. Ni kweli, itazunguka. Umeme wa feni kwa dakika ishirini ni kitu kidogo sana ukilinganisha na mzee aliyeamshwa na joto, na ninashangaa kwamba jambo hili bado linahitaji kubishaniwa.

Kusubiri zaidi hupunguza kosa, lakini swali lenyewe bado ni baya. Swali bora ni kuiuliza ruta kama simu bado imeungana nayo. Simu iliyolala inaweza isijibu `ping` na bado ikawa imesajiliwa kwenye ruta, kwa sababu usajili huo hutunzwa na chipu ya redio, ambayo haina haja ya kuiamsha simu nzima. Katika ruta inayotumia OpenWrt, ambayo ni programu huria ya kuendesha ruta, kazi hii hufanywa na sehemu yake iitwayo `hostapd`. Ikiona simu haijatuma chochote kwa sekunde 300, ambacho ndicho kiwango chake cha kawaida, huipelekea kwanza fremu tupu, na huifuta katika orodha pale tu redio ya simu inaposhindwa kukiri kupokea. Orodha hiyo unaweza kuitazama mwenyewe kwa amri ifuatayo, ingawa jina la kiolesura hubadilika kulingana na ruta:

```
iw dev wlan0 station dump
```

Home Assistant inaweza kuisoma orodha hii kutoka OpenWrt moja kwa moja, na ruta za aina nyingine kadhaa nazo zinaungika. Mahali ambapo ruta iliyoletwa na kampuni ya mtandao haikubali kuulizwa, tunabaki na `ping` na subira ndefu. Vyovyote iwavyo, hakikisha simu haibadilishi anwani yake ya MAC, yaani ile inayoitambulisha redio yake ya waifai kwa ruta. Tangu Android 10 na iOS 14 simu hutumia anwani ya kubuni kwa kila mtandao, na baadhi ya mipangilio huibadilisha tena na tena. Kwa waifai ya nyumbani chagua anwani isiyobadilika, kisha uifungie namba yake ya IP kwenye ruta.

Kuna kosa jingine ambalo kwetu Tanga huwezi kulipita, nalo ni kukatika kwa umeme. Kompyuta ya mfumo mara nyingi ni ya mkononi au ina betri yake, lakini ruta haina. Umeme unapokatika ruta hufa, simu zote hunyamaza kwa pamoja, na baada ya muda mfumo huandika kwamba familia nzima imetoka. Dalili yake ni ya wazi: watu wote wameondoka takriban kwa wakati mmoja. Betri ndogo ya volti 12 ya kuilinda ruta husaidia sana, lakini hata ukiwa nayo kanuni isiruhusiwe kumwamini shahidi ambaye mwenyewe alikuwa amezimika. Mimi huiandika hivi:

```yaml
triggers:
  - trigger: numeric_state
    entity_id: zone.home
    below: 1
    for: "00:05:00"
conditions:
  - condition: state
    entity_id: binary_sensor.ruta
    state: "on"
    for: "00:30:00"
actions:
  - action: fan.turn_off
    target:
      entity_id: fan.sebule
```

Hapa `zone.home` ni idadi ya watu waliomo nyumbani, na `binary_sensor.ruta` ni `ping` ya ruta yenyewe. Dakika ishirini za kusubiri, ukiongeza tano za kanuni, ni ishirini na tano. Kwa kudai kwamba ruta imekuwa hai kwa dakika thelathini mfululizo, ninahakikisha kwamba katika muda wote wa kimya kile ruta ilikuwepo kukisikia. Kompyuta yenyewe ikiwashwa upya, hesabu ya dakika thelathini huanza mwanzo, jambo ambalo ndilo ninalolitaka. Bei yake ni kwamba sharti lisipotimia wakati huo, kanuni haijaribu tena, na feni inaweza kubaki inazunguka mpaka mtu arudi. Kati ya makosa mawili, nimelichagua hilo.

Hadi hapa tumeufanya ushahidi wa kuwepo uwe imara, lakini kuondoka bado tunakukisia kutokana na kimya. Ushahidi wa kuondoka unaostahili jina hilo ni simu yenyewe kuarifu kwamba imevuka mpaka wa eneo la nyumba, na programu ya Home Assistant ya simuni hufanya hivyo kwa GPS. Nusu kipenyo cha eneo hilo ni mita 100, nami sishauri kukipunguza, kwa kuwa chini ya paa la zege mahali panaposomwa hucheza. Ukimfungia mtu mmoja vifuatiliaji vyote viwili, Home Assistant hukiamini kwanza kile cha waifai kinachosema yupo. Waifai ikinyamaza, huchukua neno la GPS. Hivyo simu iliyolala chumbani haitamtoa mtu, kwa sababu GPS yake ya mwisho bado inasema yupo. Programu ipewe ruhusa ya mahali wakati wote, na iondolewe katika ubanaji wa betri. Upungufu wake ni bando: aliyetoka bila data hana njia ya kutoa taarifa, na ataandikwa yupo hadi apate mtandao mahali. Kwa feni na taa hilo linavumilika, ila kwa king'ora cha wezi halivumiliki, nami sikifungi kwa simu.

Wapo pia wasio na simu kabisa: watoto waliotoka madrasa, msichana wa kazi, wageni waliokuja arusi. Mfumo wa simu hauwezi kuwaona hata ukirekebishwa namna gani, na aliyesahau simu mezani ataonekana yupo siku nzima. Kwa ajili yao huweka swichi ya wageni ukutani, ambayo ikiwashwa husimamisha kanuni zote za kuzima. Pale Chumbageni tulikwenda hatua moja zaidi: feni ya chumba cha Bi Mkubwa tuliitoa kwenye kanuni, ikabaki na swichi yake ya ukutani peke yake, na mfumo sasa unahusika na sebule, taa za uani na pampu tu.