Akiba na ukuaji wa uchumi: modeli ya Solow inawaunga mkono nani?

"Mwalimu, kwenye modeli ya Solow pato lote la nchi linakua kwa n + g, na akiba haimo humo kabisa. Mbona basi tunakatwa NSSF zaidi kila mwaka na kuambiwa akiba ndiyo itakayokuza uchumi?"

Swali hili liliulizwa na mwanafunzi wa darasa la jioni hapa Nairobi, mfanyakazi ambaye makato hayo anayaona kwenye payslip yake. Tangu sheria ya NSSF ya 2013 ianze kutekelezwa mwaka 2023, mwajiriwa anachangia asilimia 6 na mwajiri asilimia 6, na kiwango cha mshahara kinachohesabiwa kimekuwa kikipanda kwa awamu. Wako wanaosema makato haya ni mzigo usio na faida kwa ukuaji. Wengine wanasema nchi isiyoweka akiba haiendi popote. Pande zote mbili huishia kwenye modeli hiihii ya Solow, inayoeleza jinsi uchumi unavyokua kwa muda mrefu, kwa hiyo inafaa kuisoma hadi mwisho.

Pato Y linatokana na mtaji K na kazi. Kazi haihesabiwi kwa vichwa tu, bali kwa vichwa mara ufanisi: L ni idadi ya wafanyakazi, A ni kiwango cha teknolojia na maarifa yao, na AL ndiyo tunayoiita idadi ya wafanyakazi fanisi. L inakua kwa n kila mwaka, A inakua kwa g. Mtaji unachakaa kwa δ, na sehemu s ya pato inawekwa akiba na kuwa uwekezaji. Herufi α ni sehemu ya pato inayotokana na mtaji. Kwa kuwa AL haisimami, K peke yake haiwezi kutulia mahali, basi tunagawanya kila kitu kwa AL. Tuite k mtaji kwa kila mfanyakazi fanisi, na y pato kwa kila mfanyakazi fanisi:

```
Y = K^α (AL)^(1−α)      y = k^α
dk/dt = s·k^α − (n + g + δ)·k
k* = [s / (n + g + δ)]^(1/(1−α))
y* = [s / (n + g + δ)]^(α/(1−α))
```

Mstari wa pili ndio moyo wa modeli. Akiba inaongeza k. Mambo matatu yanaipunguza: uchakavu, wafanyakazi wapya wanaohitaji vifaa vyao, na ufanisi mpya ambao nao unahitaji mtaji wa kufanya nao kazi. Pande mbili zikilingana, k inasimama kwenye k*, na hiyo ndiyo hali thabiti.

Sasa tuweke namba. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6 nchini, na ukuaji wa wastani wa asilimia 2.2 kwa mwaka tangu sensa ya 2009. Nitachukua n = 0.022, ingawa n ya modeli ni ya wafanyakazi, na katika nchi yenye vijana wengi wanaoingia umri wa kazi inaweza kuwa juu zaidi. Namba nyingine ni za kufanyia mfano: α = 1/3, g = 0.018, δ = 0.04, na s = 0.16. Jumla ya n + g + δ ni 0.08. Tukigawanya 0.16 kwa 0.08 tunapata 2, ambayo pia ndiyo uwiano wa mtaji kwa pato katika hali thabiti. Kipeo cha k* ni 1.5, kwa hiyo k* ni 2.83. Kipeo cha y* ni nusu, kwa hiyo y* ni 1.41.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Wanaona y* haibadiliki na kuandika kwamba uchumi haukui. Kilichosimama ni pato kwa kila mfanyakazi fanisi. Pato lote ni y* × A × L, na A na L zote zinasonga: Y inakua kwa 1.8 + 2.2, yaani asilimia 4 kwa mwaka, na pato la mfanyakazi wa kawaida linakua kwa asilimia 1.8. (Ukihesabu mwaka kwa mwaka badala ya mfululizo, zidisha 1.022 kwa 1.018, upate asilimia 4.04.) Kosa la pili ni gumu zaidi kuligundua: ikiwa A imewekwa mbele ya fomula yote badala ya kuambatana na L, ukuaji wake lazima ugawanywe kwa 1 − α kabla ya kuitwa g. Tija ya jumla inayokua kwa asilimia 1.2 ndiyo inayotoa g ya asilimia 1.8. Ukisahau hatua hiyo, utasema nchi inakua polepole kuliko inavyokua.

Upande wa kwanza, basi, una haki ya kusema kwamba s haimo ndani ya n + g. Pandisha akiba kutoka asilimia 16 hadi 24: uwiano unakuwa 3, y* inakuwa 1.73, na ukuaji wa muda mrefu unabaki asilimia 4 ileile. Kwa hoja hiyo wanaitazama Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo wa Kenya uliolenga ukuaji wa wastani wa asilimia 10 kwa mwaka, na kusema kwamba haikuweza kufikiwa kwa kumwaga zege tu. Hesabu inawaunga mkono. Tukianzia hali thabiti ya mfano wetu, kuipata asilimia 10 kwa akiba peke yake kungetaka s ya asilimia 52, na hata hiyo ingeitoa siku ya kwanza tu, kisha kasi ingeanza kushuka. Kuidumisha milele, n ikiwa 2.2, kunahitaji g ya asilimia 7.8.

Lakini wakitoka hapo na kusema akiba haina kazi, wameruka neno "muda mrefu" bila kuuliza ni mrefu kiasi gani. Modeli inajibu, na kwa α ya theluthi moja jibu ni rahisi kulikokotoa. Uwiano wa mtaji kwa pato unasogea kuelekea kiwango chake kipya kwa kasi ya (1 − α)(n + g + δ), ambayo hapa ni 0.053 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, nusu ya safari inachukua miaka 13. Siku akiba inapopanda hadi asilimia 24, ukuaji wa pato lote unaruka kutoka 4 hadi asilimia 5.3. Baada ya miaka 13 bado ni 4.5, na pato liko juu kwa karibu asilimia 12 kuliko lingekuwa bila mabadiliko. Baada ya miaka 26 ukuaji ni 4.2, na pengo la pato limefika asilimia 17. Mwishoni kabisa pengo linatulia kwenye asilimia 22. Hicho si kitu kidogo. Mtoto anayeanza shule ya msingi leo Kayole atamaliza shule, atatafuta kazi na kulea watoto wake ndani ya kipindi ambacho kitabu kinakiita mpito.

Kwa hiyo naona upande wa pili una nguvu zaidi kuliko unavyopewa, ila unatakiwa kutaja bei. Matumizi ni (1 − s) mara y. Kabla ya mabadiliko ni 1.19. Siku ya kwanza baada ya akiba kupanda, y bado ni 1.41 lakini sehemu inayobaki mkononi ni asilimia 76 tu, na matumizi yanashuka hadi 1.07, pungufu ya karibu asilimia 10. Yanapanda polepole, na kwenye mfano huu yanachukua miaka 11 kurudi kwenye mstari ambao yangefuata bila makato mapya. Mwishoni yanafika 1.32, zaidi ya yale ya mwanzo kwa asilimia 11. Mtu anayemwambia mfanyakazi wa Industrial Area kwamba makato haya yatamnufaisha anapaswa kumwambia pia habari ya miaka hiyo 11. Kwa mfanyakazi wa miaka 55 ni hasara tupu kwa upande wa matumizi yake ya sasa, nje ya pensheni atakayopokea. Kwa mwanawe ni faida.

Je, kuna hatari ya kuweka akiba kupita kiasi? Kwa modeli hii matumizi ya hali thabiti ni makubwa kuliko yote pale s inapolingana na α, yaani asilimia 33. Tukiwa na 16 au hata 24 bado tuko chini ya hapo, kwa hiyo hoja ya kwamba tunawekeza kupita kiasi haipati msaada wowote humu.

Hata hivyo, s ya modeli ni akiba iliyogeuka mtaji unaozalisha. Makato si lazima yawe hivyo. Mtu anayekatwa zaidi anaweza kupunguza mchango wake wa sacco au wa chama kwa kiasi kilekile, na akiba ya taifa isibadilike hata kidogo. Fedha zikinunua dhamana za serikali, na serikali ikazitumia kulipa matumizi ya kawaida, K haijaongezeka. Na reli au barabara iliyojengwa kwa gharama kubwa kuliko thamani yake inaingia kwenye vitabu kama uwekezaji, huku mtaji wa kweli uliopatikana ukiwa mdogo.

Jambo jingine wanalolisahau wote ni n. Tuseme ukuaji wa watu unashuka hadi asilimia 1.2, akiba ikibaki 16. Jumla ya n + g + δ inakuwa 0.07, na y* inapanda hadi 1.51, karibu asilimia 7 juu. Wakati huohuo ukuaji wa pato lote unashuka kutoka 4 hadi 3. Kila mfanyakazi ana zaidi, na bado kichwa cha habari kitasema uchumi umedorora. Ndiyo maana ile namba ya karibu asilimia 5 inayotangazwa haifai kusomwa kabla ya kutoa ukuaji wa watu. Ukitoa 2.2, inabaki chini ya 3, na hiyo ndiyo inayogawanywa mezani.

Mwanafunzi akauliza tena namna ya kutambua kama ukuaji tulionao ni wa mpito au ni wa g. Njia ni kuutazama uwiano wa mtaji kwa pato kwa miaka kadhaa. Ukiwa unapanda, sehemu ya ukuaji inatokana na mtaji kurundikana, na kasi hiyo itapungua yenyewe. Ukiwa umesimama na pato kwa mfanyakazi bado linapanda, hiyo ni g. Lakini modeli haisemi g inatoka wapi, imeipokea tu kutoka nje. M-Pesa ya mwaka 2007 tungeihesabu kama A, ingawa haingefanya kazi bila minara ya simu iliyojengwa kabla yake, ambayo ni K. Ikiwa teknolojia yetu nyingi huja ikiwa imebebwa na vifaa vipya, basi s inaigusa g kwa mlango ambao fomula haikuuchora, na upande unaosema akiba haina athari ya kudumu unapaswa kuthibitisha kwamba mlango huo umefungwa.