Mapokezi ya hoteli na sharti la "mwonekano mzuri"

"Anahitajika dada wa mapokezi, miaka 18 hadi 25, mwonekano mzuri, tuma picha nzima." Tuseme tangazo hili limetolewa na hoteli ya ufukweni Bagamoyo.

Mwenye hoteli si wa kubezwa. Mgeni aliyechoshwa na foleni za Dar anapofika kaunta, anataka kupokewa na mtu msafi, aliyevaa vizuri na anayejua kusema naye. Hiyo ni sehemu ya huduma anayolipia. Watafiti waliochunguza hoteli na maduka ya Glasgow, Uskoti, miaka ya 1990, akina Chris Warhurst na Dennis Nickson, walikuta waajiri wakiweka sura na sauti mbele ya ujuzi, kwa imani kwamba ujuzi utafundishwa baadaye.

Ila picha nzima haikuonyeshi usafi wala kauli ya mtu. Inakuonyesha umbo, urefu na rangi ya ngozi. Hapo ndipo ninapoachana na mwenye hoteli.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na kinamlinda hata anayeomba kazi. Sura haimo kwenye orodha yake. Lakini jinsia, umri, rangi, dini, ujauzito na ulemavu vimo. Kwa hiyo tangazo letu limeshajikwaa mara mbili: "dada" na "18 hadi 25". Sheria inaruhusu kuchagua kwa sababu ya hitaji la msingi la kazi yenyewe, ila sioni kazi ya kaunta inayomshinda mwanamke wa miaka 40, au kijana wa kiume.

"Mwonekano mzuri" ndio mgumu zaidi, kwa kuwa hausemi kitu. Meneja akimwambia binti avue hijabu "ili apendeze", hilo ni suala la dini. Akimhamishia mhudumu dobi tumbo lilipoanza kuonekana, ni ujauzito. Akipitisha weupe tu, ni rangi, na wengine wataishia kwenye mkorogo.

Gharama nayo huwa haitajwi. Sare hutolewa na hoteli, lakini kusuka, vipodozi na viatu vya kisigino hutoka kwenye mshahara wa dada huyohuyo. Kama ni vifaa vya kazi, avilipie anayevidai.

Aliyenyimwa kazi anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Akionyesha dalili za awali za ubaguzi, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Tatizo ni hizo dalili: wengi hujibiwa kwa simu tu, "nafasi imejaa". Anayeomba afadhali alihifadhi tangazo kabla halijafutwa. Na mwenye hoteli anayetaka mpokeaji mzuri kweli amweke mwombaji kaunta nusu saa, ampe mgeni mwenye hasira ambaye chumba chake hakijasafishwa, kisha asikilize anavyojibu.