Kwenye ripoti ya kupima mzigo, milisekunde zisubiri kwanza

Ripoti nyingi za kupima mzigo huishia na sentensi ya namna hii: "Mfumo unahimili watumiaji 160, muda wa majibu uko chini ya nusu sekunde." Mimi siikubali, hata kama kila namba iliyomo ni ya kweli. Nusu sekunde ni kikomo tulichojiwekea wenyewe. Seva inaweza kuwa imefika mwisho wa uwezo wake mapema zaidi, na muda wa majibu bado ukaonekana wa kuridhisha.

Tuchukue mfano. Programu ya wavuti imeandikwa kwa Java na inasoma kanzidata. Kifaa cha kupimia kinatuma ombi jipya mara tu jibu la ombi lililotangulia linaporudi. Safu ya kwanza ni maombi yaliyo ndani ya mfumo kwa wakati mmoja:

```
pamoja   maombi/sek   wastani (ms)
     1           10            100
    10           98            102
    20          190            105
    40          320            125
    80          330            242
   160          328            488
```

Macho ya wengi hukimbilia safu ya mwisho. Anza na ya katikati. Kutoka 10 hadi 20, mzigo umeongezeka maradufu na kazi inayokamilika imekaribia kuongezeka maradufu. Kutoka 40 hadi 80 mzigo umeongezeka maradufu tena, lakini kazi imeongezeka kwa maombi 10 tu kwa sekunde. Baada ya hapo haiongezeki kabisa. Kila ombi linaloingia linakaa kwenye foleni, ndiyo maana muda wa majibu unapanda sambamba na mzigo: 242, kisha 488.

Mahali pa kujaa panapatikana kwa hesabu. Kanuni ya Little, ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961, inasema idadi iliyo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kukamilisha kazi mara wastani wa muda wa kukaa ndani. Kasi ya juu ni 330 kwa sekunde, na muda pasipo foleni ni sekunde 0.1. Zidisha: 33. Mfumo huu unajaa kwenye maombi 33 ya pamoja, wakati muda wa majibu uko kama milisekunde 100 na ushee na hakuna mtu anayelalamika. Ile 160 ya kwenye ripoti ni karibu mara tano ya hapo.

Kanuni hiyohiyo inakagua ripoti yenyewe. Mstari wa mwisho: 328 mara 0.488 ni 160, inalingana. Kama ripoti ingeandika milisekunde 200 hapo, tungepata maombi 66 tu, na ningeuliza yale mengine yako wapi. Mara nyingi yanakuwa yamekwama kwenye mashine inayopima, au kifaa kimewekewa muda wa kupumzika kati ya ombi na ombi. Tazama pia idadi ya makosa, kwa sababu kosa la 503, ambalo seva hulitoa inapozidiwa, hurudi upesi sana na kuushusha wastani, hadi mfumo unaoanguka uonekane umepata nafuu.

Kisha uliza kilichojaa ni nini. Tuseme prosesa ya seva iko kwenye asilimia 40, na ya kanzidata iko chini ya hapo. Watu wengi hapa huagiza seva kubwa zaidi, na ni pesa inayopotea bure. Programu nyingi za Java hutumia HikariCP kugawa miunganisho ya kanzidata, na `maximumPoolSize` yake ikiachwa bila kuguswa ni 10. Kama kila ombi linashikilia muunganisho kwa milisekunde 30, miunganisho 10 itahudumia 10 ÷ 0.030, yaani maombi 333 kwa sekunde. Linganisha na 330 ya jedwali. Ninapoona namba mbili zilizotoka njia tofauti zikikutana hivi, ndipo ninapoamini kwamba tumekipata kizuizi.

Kuongeza `maximumPoolSize` hadi 20 kunastahili kujaribiwa, ila pima upya ukiangalia muda ambao muunganisho unashikiliwa. Ukibaki milisekunde 30, kasi itapanda hadi kizuizi kingine kijitokeze. Ukipanda hadi 60, kasi itabaki palepale: foleni imehamia ndani ya kanzidata, na kazi iliyobaki ni kuharakisha hoja za SQL au kuuachia muunganisho mapema.

Na 33 isimtishe meneja. Hayo ni maombi yaliyo ndani ya mfumo kwa wakati mmoja. Mtu anayesoma ukurasa kwa sekunde 10 kabla ya kubofya tena hatumi kitu wakati anasoma, kwa hiyo 330 × (10 + 0.1) inatupa watu kama 3,300. Lakini hao nao, matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa, hawamsubiri mwenzao ajibiwe kama kifaa chetu kinavyosubiri. Wakituma maombi 350 kila sekunde kwenye mfumo wa 330, foleni inakua kwa 20 kila sekunde. Baada ya dakika moja kuna 1,200 mbele ya anayeingia, na anasubiri zaidi ya sekunde tatu na nusu. Kwa hiyo kipimo cha pili kitume maombi kwa kasi isiyobadilika, bila kungoja majibu, na kianzie chini ya 330.