Michezo isiyo na mshindi: ugomvi wa ndugu unahamia wapi?

Mtoto wa miaka 9 na mdogo wake wa miaka 6 hawamalizi mchezo wa ludo bila mmoja kulia au kete kurushwa sakafuni. Mzazi akiomba ushauri, siku hizi ataambiwa aweke kando michezo ya kushindana na kuwapa ile ya ushirikiano, ambayo wachezaji wote wanashinda pamoja au wanashindwa pamoja. Wapo wanaoupokea ushauri huu kama dawa. Wengine wanaona ni kuwadekeza watoto, maana maisha yana mashindano na asiyezoea kushindwa utotoni atakuja kuumia ukubwani.

Hoja hii ya pili ina uzito, ila inachukulia kwamba anayeshindwa anajifunza kitu. Kati ya watoto wa rika moja huenda ikawa hivyo, kwa sababu leo anashindwa huyu, kesho yule. Kati ya ndugu waliopishana miaka mitatu, katika mchezo unaotaka akili kama drafti, anayeshindwa ni yule yule kila siku. Hapo mdogo hajifunzi kukubali matokeo. Anajifunza kwamba matokeo yanajulikana kabla ya kuanza, kwa hiyo njia pekee ya kutoshindwa ni kuuvuruga mchezo. Mkubwa naye anazoea ushindi asioutolea jasho, na siku bahati inapomgeuka anawaka kuliko hata mdogo wake.

Upande wa ushirikiano nao una ushahidi wake. Mwaka 1994 watafiti Bay-Hinitz, Peterson na Quilitch walichapisha matokeo ya kazi yao na watoto wa chekechea wa miaka 4 na 5. Kipindi cha michezo ya ushirikiano, uchokozi ulipungua na kusaidiana kukaongezeka, na hali hiyo ilionekana hata baadaye watoto walipoachwa wacheze wapendavyo. Michezo ya kushindana ilileta kinyume chake. Lakini wale walikuwa wenzao wa darasani, wa umri unaokaribiana. Ndugu wana mkubwa na mdogo, na wana kesi za jana ambazo hazijaisha. Na hapo ndipo dawa hii inapoonyesha udhaifu wake.

Chukua mchezo wa Obstgarten, uliotolewa na kampuni ya HABA ya Ujerumani mwaka 1986. Kuna miti minne ya rangi tofauti, kila mti una matunda 10, na picha ya kunguru iliyokatwa vipande 9. Mchezaji anarusha dadu. Ikitoka rangi, anachuma tunda moja la mti wa rangi hiyo. Kikitoka kikapu, anachuma matunda mawili anayoyataka. Akitoka kunguru, kipande kimoja cha picha yake kinawekwa ubaoni. Watoto wanashinda wakimaliza matunda yote kabla kunguru hajakamilika. Ukikosa wa kununua, unaweza kuutengeneza kwa vifuniko vya chupa na karatasi.

Sasa tuseme mti mwekundu umebaki na matunda mawili, wa kijani saba, wa njano sita na wa buluu matano. Mdogo anapata kikapu. Anataka yale mawili mekundu, kwa sababu kumaliza mti kunafurahisha. Mkubwa anamdaka mkono: "Chukua ya kijani!"

Mkubwa yuko sahihi. Mti ukiisha, kila dadu itakapoonyesha rangi nyekundu zamu hiyo inapotea bure, huku kunguru akiendelea kupata nafasi yake. Ni heri kupunguza mti uliojaa zaidi. Lakini mdogo haoni hesabu. Anaona mkono wa kaka yake juu ya wake. Ugomvi umerudi, na safari hii hauhusu nani kashinda, unahusu nani anaamua. Mkubwa akiachiwa, ndani ya dakika chache mdogo atakuwa anarusha dadu tu na kutii amri. Nyumba itakuwa kimya, mzazi atadhani mchezo umefaulu, kumbe mmoja ameshaacha kucheza.

Kanuni inayosaidia ni moja, na itajwe kabla ya kuanza: mwenye dadu ndiye anayeamua. Mwenzake anaruhusiwa kushauri mara moja, kwa maneno, mikono ikae kwake. Mkubwa atalalamika kwamba watashindwa kwa sababu ya mdogo. Inaweza kuwa kweli, na mzazi asimdanganye kwamba si kweli. Ila katika mchezo huu gharama ya kosa si kubwa. Mwanzoni kila zamu huleta wastani wa tunda moja, hivyo matunda 40 yanahitaji takriban zamu 40, zaidi kidogo ukihesabu zile zinazopotea miti ikianza kuisha. Kunguru hutoka wastani wa mara moja kwa kila zamu sita, hivyo vipande vyake 9 vinahitaji kama zamu 54. Tofauti hiyo inatosha kuleta wasiwasi, lakini ni nadra kikapu kimoja kilichotumika vibaya kiamue mchezo mzima. Ndiyo maana mchezo wa bahati nyingi unafaa kuanzia: unampa mdogo mamlaka ya kweli bila kumtwisha lawama nzito. Ukiutengeneza nyumbani na wanashindwa mfululizo, picha ya kunguru iwe ya vipande 10 badala ya 9.

Watoto wakikua, kuna michezo inayomzuia bosi kwa muundo wake yenyewe. Katika Hanabi, ulioshinda Spiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka, mwaka 2013 na unaolenga miaka 8 na kuendelea, kila mmoja anashika karata zake zikiwa zimewageukia wenzake. Unaona karata za wote isipokuwa zako. Mkubwa hawezi kumchezea mdogo, kwa sababu mdogo ndiye anayejua kilichomo mkononi mwa mkubwa, na vidokezo vya kupeana vina idadi maalumu.

Kuna ugomvi ambao mchezo wowote hauugusi. Wakigombania pia kiti, mlango na nani aoge kwanza, kubadilisha mchezo ni kuhangaika na tawi. Na mtoto wa miaka 9 akilazimishwa kucheza cha mtoto wa miaka 6 kila jioni, atachoka na kuanza kuharibu makusudi. Mimi ningewapa vipindi vifupi, na mkubwa awe na muda wa kushindana na wa rika lake.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka ludo na drafti vifungiwe kabatini moja kwa moja. Kipimo cha kujua kama wako tayari kurudi huko si ukimya. Angalia kama uamuzi wa mdogo, hata ule mbaya, unaachwa upite, na kama wakishindwa na kunguru wanaulizana kilichotokea badala ya kutafuta mchawi. Ukiona hivyo, rudisha drafti kwa kuwawekea mizani: mkubwa aanze na kete pungufu, na idadi waipatane wao wenyewe kabla ya kupanga ubao. Mdogo akishinda mara mbili mfululizo, mkubwa anarudishiwa kete moja. Wakishindwa kupatana hata idadi ya kuanzia, bado ni mapema.