Namba ya Mkanda wa Kuvutia Gari Isitumike Kuinulia Injini

Mwezi uliopita niliingia katika karakana moja ya malori nikakuta injini ya dizeli yenye kilo 1,800 inaning'inia kwenye kreni kwa mkanda wa nailoni wa kuvutia magari. Nilipouliza, fundi alinionyesha lebo iliyoandikwa kilo 8,000, akaniambia kwamba uwezo upo wa kutosha na kubaki. Fundi yule si mzembe, ila lebo ile haikumweleza kwamba kilo 8,000 ni uzito unaoukata mkanda ukiwa mpya.

Vifaa vya kuinulia huandikwa namba nyingine, yaani uzito salama wa kazi, ambao kwenye lebo huonekana kwa herufi WLL. Kwa kawaida mkanda hupewa sehemu moja ya saba ya nguvu inayoukata, kamba ya waya sehemu moja ya tano, na mnyororo sehemu moja ya nne. Ukigawanya 8,000 kwa saba unapata takriban kilo 1,140, uzito ulio chini sana ya ule wa injini ile. Mkanda wa kuinulia wa rangi ya kijani, ulioandikwa tani 2 tu, hautarajiwi kukatika kabla ya tani 14.

Kwa kazi ya injini mimi huchagua mnyororo wa daraja la 80, kwa sababu injini ina kingo kali zinazokata nyuzi za nailoni. Mnyororo wa milimita 10 hubeba tani 3.15 kwa mguu mmoja ulionyooka, yaani kipande kimoja kinachoshuka kutoka kwenye ndoano ya kreni hadi kwenye mzigo, ilhali kamba ya waya ya milimita 12 hubeba kama tani moja na nusu, na ikikunjwa kwenye kona kali huharibika. Kamba hiyo huikagua kwa macho, nami huacha kuitumia nikihesabu nyuzi sita za waya zilizokatika ndani ya milimita 72, yaani unene wake mara sita.

Pembe nayo haisamehe. Miguu miwili ikiachana kwa nyuzi 60, kila mmoja hubeba kilo 1,040 za injini ile, lakini ikitanuka hadi nyuzi 120, kila mguu hubeba kilo 1,800 zote, kana kwamba wa pili haupo.

Katika kulivuta lori lililokwama topeni mambo hugeuka. Mnyororo haunyumbuki, hivyo mshtuko wote huishia kwenye pete moja au kwenye ndoano ya gari. Mkanda wa nailoni hunyumbuka na kuupunguza mshtuko, na hapo ndipo mahali pake. Hata hivyo, nguvu iliyohifadhiwa katika mnyumbuko huo huweza kurusha ndoano iliyong'oka kama risasi. Kwa hiyo mkanda hufungwa kwenye jicho la kuvutia lililoshikamana na fremu, kamwe si kwenye bampa, na watu wote husimama mbali na mstari wa mkanda, nje ya urefu wake mzima.